Bei Inapotoka Nje ya Renji: Kwa Nini Treda Mvumilivu Husubiri Uthibitisho

Usiku wa tarehe 14 Desemba 2016, saa nne kwa saa za Afrika Mashariki, Benki Kuu ya Marekani ilitangaza kwamba imepandisha riba kwa robo ya asilimia, na kwamba wajumbe wake walitarajia kuipandisha mara tatu katika mwaka uliofuata, badala ya mara mbili walizokuwa wamezikadiria hapo awali. Dola ilipanda papo hapo. Siku ya pili yake euro ilishuka chini ya dola 1.0460, kiwango ambacho kilikuwa kimeizuia isianguke tangu Machi 2015, ikafika bei ambazo hazikuwa zimeonekana tangu mwaka 2003. Mazungumzo ya soko yakawa ni lini euro moja itakuwa sawa na dola moja, wala si kama itakuwa. Waliouza euro siku hiyo walikuwa na kila sababu ya kujiona wako upande sahihi: habari ziliwaunga mkono, chati iliwaunga mkono, na wenzao wote walikuwa wakisema jambo lile lile. Miezi tisa baadaye euro ilikuwa imevuka dola 1.20.

Huo ulikuwa mvunjo wa uongo, yaani bei kutoka nje ya mipaka iliyoizoea, kuwavuta watu waifuate, kisha kurudi ndani na kuwaacha nje. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu renji hiyo hiyo, miezi michache baadaye, ilivunjwa kwa kweli upande wa pili, na hivyo inatuwezesha kulinganisha mivunjo miwili ya sarafu zile zile, katika mipaka ile ile, bila kubadilisha kitu kingine. Bei nitakazozitaja huweza kutofautiana kwa pointi chache kati ya dalali mmoja na mwingine, kwa kuwa soko la fedha za kigeni halina ukumbi mmoja, lakini umbo la mambo ni lile lile katika chati zote.

Tuanze na renji yenyewe. Treda husema soko liko kwenye renji pale bei inapopanda na kushuka kati ya dari na sakafu kwa muda mrefu bila kwenda popote. Sakafu ya euro dhidi ya dola iliwekwa Machi 2015 karibu na 1.0460. Dari iliwekwa tarehe 24 Agosti mwaka huo huo, siku ambayo masoko ya hisa yalianguka dunia nzima kwa hofu iliyotoka China, na euro ikaruka hadi karibu 1.1714. Upana wa renji ulikuwa basi takriban pipsi 1,250, tukikumbuka kwamba pipsi moja ni badiliko la 0.0001 katika bei. Kuruka huko kwa Agosti kwenyewe kulikuwa mvunjo wa uongo wa dari ya awali iliyokuwa karibu na 1.1470: ndani ya siku mbili bei ilikuwa imerudi chini ya 1.14. Kwa hiyo renji hii ilikwishaonyesha tabia yake mapema, na aliyeitazama kwa makini hakuwa na sababu ya kuamini kila hatua iliyovuka mstari.

Kwa nini bei huvuka mstari kisha ikarudi? Maelezo ya kawaida ni kwamba wakubwa wa soko wanawawinda wadogo. Sipendi maelezo hayo, si kwa sababu hayana ukweli wowote, bali kwa sababu yanamfanya treda amtafute adui badala ya kuzitafuta oda. Tazama kinachokuwa kimepangwa chini ya sakafu inayojulikana na kila mtu. Kuna waliokwisha kununua euro juu kidogo ya sakafu, wakitarajia itadunda kama ilivyodunda zamani, nao wameweka amri ya kuzuia hasara, ile ambayo treda wengi huiita stoplosi, pipsi chache chini ya mstari. Stoplosi ya mtu aliyenunua ni amri ya kuuza. Kisha kuna wanaosubiri sakafu ivunjike ili wauze, nao wameziweka oda zao za kuuza mahali pale pale. Makundi haya mawili yana maoni yanayopingana kabisa kuhusu euro, lakini bei ikigusa mstari yote mawili yanauza kwa wakati mmoja.

Matokeo yake ni kwamba msukumo wa kwanza chini ya sakafu hautuambii lolote la uhakika kuhusu thamani ya euro. Unatuambia tu kwamba oda zilizokuwa zimelala pale zimeamshwa. Bei hushuka kwa kasi, na kasi hiyo humvutia aliyekuwa bado anasita, naye akauza pia. Lakini kila oda ya kuuza inahitaji mnunuzi, na mtu mwenye kiasi kikubwa cha euro anachotaka kununua hapati nafasi nzuri zaidi ya hii, ambapo maelfu ya watu wanamletea euro zao bila kuuliza bei. Anapokuwa anazipokea, bei huacha kushuka. Hapo swali linageuka: oda zote zilizokuwa chini ya mstari zikishatimizwa, nani amebaki wa kuuza? Ikiwa hakuna wauzaji wapya wenye sababu mpya, bei huanza kupanda polepole, na waliouza chini ya sakafu, ambao stoplosi zao ziko juu ya mstari, hulazimika kununua ili kujinasua. Kununua kwao ndiko kunakoipandisha bei zaidi. Ndiyo maana mvunjo wa uongo mara nyingi hurudi ndani kwa kasi kuliko ulivyotoka: kuni zinazouwasha ni zile zile zilizokusanywa na hatua ya kwanza.

Mvunjo wa kweli huanza vivyo hivyo. Katika dakika za mwanzo, na mara nyingine katika siku za mwanzo, hakuna mtu anayeweza kuutofautisha na wa uongo kwa kuitazama bei peke yake, kwa sababu oda zinazotimizwa ni za aina ile ile. Tofauti huja baadaye, pale inapoonekana kama kuna wanaoendelea kuuza baada ya oda za mstarini kwisha. Kusubiri uthibitisho maana yake ni kusubiri swali hilo lijibiwe.

Turudi Desemba 2016 tuone lilivyojibiwa. Tarehe 15 euro ilifika karibu 1.0367 na siku ikafunga karibu na 1.0415, yaani chini ya sakafu kwa pipsi 45 hivi. Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu, kwa sababu vitabu vingi vya kufundishia humwambia mwanafunzi asubiri mshumaa wa siku, yaani alama ya chati inayoonyesha bei ilivyofungua, ilivyotembea na ilivyofunga siku hiyo, ufunge nje ya renji, na mshumaa huu ulifunga nje. Aliyefuata kanuni hiyo kwa uaminifu aliuza, na akaingia mtegoni pamoja na wale ambao hawakusubiri chochote. Kanuni haikuwa mbaya. Iliyokosewa ni saizi yake. Renji iliyojengwa kwa miezi 21 haiwezi kuthibitishwa kuwa imevunjika kwa mshumaa wa siku moja, kama vile mtu hawezi kusema masika yameisha kwa kuwa asubuhi moja imepita bila mvua. Kufunga kwa siku kunaweza kumtosha anayefanya kazi kwenye renji ya wiki mbili au tatu. Kwa renji ya karibu miaka miwili, mishumaa inayostahili kuulizwa ni ya wiki na ya mwezi.

Mishumaa hiyo ilisema nini? Wiki iliyoishia tarehe 16 Desemba ilifunga karibu na 1.0450, na iliyofuata ikafunga mahali hapo hapo. Bei ilikuwa chini ya mstari kwa pipsi kumi tu, ikiwa imekaa juu ya kizingiti haitoki wala haiingii. Mwezi wa Desemba ulipofungwa, euro ilikuwa juu ya 1.05, ndani ya renji. Treda aliyekuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba atauza endapo mwezi utafunga chini ya sakafu hakuuza, na hakupoteza hata senti.

Zaidi ya mishumaa, kulikuwa na umbali. Sakafu ya renji yenye upana wa pipsi 1,250 ikivunjwa kwa kweli, na hasa ikivunjwa na habari nzito kama za benki kuu, mtu hutarajia bei iondoke pale kwa haraka, kwa sababu kila aliyenunua ndani ya miezi 21 iliyopita sasa yuko kwenye hasara na anatafuta mlango. Euro haikuondoka. Katika wiki tatu zote hizo umbali mkubwa kabisa iliofika chini ya sakafu ulikuwa pipsi 120 hivi, sehemu moja ya kumi ya upana wa renji. Ni kweli kwamba hizo zilikuwa siku za Krismasi na mwaka mpya, ambapo madawati mengi ya biashara hufanya kazi yakiwa na watu wachache na oda huwa chache, kwa hiyo utulivu wake ungeweza kuelezwa kwa njia nyingine. Lakini hiyo yenyewe ni sababu ya kutouamini mvunjo wa majira hayo: soko lenye oda chache husukumwa kirahisi kupita mstari na pia hurudishwa kirahisi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja tarehe 3 Januari 2017, na ningependa tuitazame siku hiyo kwa karibu. Watu walikuwa wamerudi kazini, kwa hiyo kisingizio cha sikukuu hakikuwepo tena. Euro ilianza kushuka tangu mapema. Saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu zikatoka takwimu za viwanda vya Marekani, na kipimo kikasomeka 54.7, habari njema kwa dola kwa kuwa chochote kinachozidi 50 huonyesha kwamba shughuli za viwanda zinapanuka. Siku hiyo euro ilifika karibu 1.0340, bei ya chini kuliko zote za Desemba. Kila kitu ambacho muuzaji angekiomba alikuwa amekipata: bei mpya ya chini, habari mpya ya kumuunga mkono, na soko lililojaa watu. Na bado siku ilifunga karibu na 1.0405, pipsi 65 juu ya bei ya chini. Siku mbili baadaye euro ilifunga karibu na 1.0600.

Soko linapopewa habari njema likashindwa kuzitumia, hilo ni jibu, na kwangu ndilo jibu ninalolipa uzito mkubwa kuliko kipimo chochote cha chati. Maana yake ni kwamba aliyetaka kuuza kwa sababu ya habari zile alikwisha kuuza zamani. Riba ya Marekani, uchumi wake, na matarajio ya sera mpya baada ya uchaguzi wa Novemba, vyote vilikuwa vimeshaingia kwenye bei kabla sakafu haijaguswa. Mvunjo ulihitaji wauzaji wapya, nao hawakuwepo.

Sasa tuvuke miezi saba twende upande wa dari. Katika mwaka 2017 euro ilipanda hatua kwa hatua, na mwishoni mwa Julai ikafika kwenye 1.1714. Tarehe 27 Julai ilipita hadi karibu 1.1777, kisha ikarudi na kufunga chini ya 1.17, jambo ambalo bila shaka liliwatoa wengi walionunua mara tu mstari ulipovukwa. Kwa macho ya siku hiyo moja, hii ilifanana na mvunjo wa uongo kuliko ile ya tarehe 15 Desemba. Lakini mwezi ulipofungwa tarehe 31, euro ilikuwa karibu na 1.1840, pipsi zaidi ya mia juu ya dari. Siku moja ilidanganya kwamba hakuna mvunjo, kama vile siku moja ya Desemba ilivyodanganya kwamba upo, na mara zote mbili mwezi ulisema kweli.

Kisha ukaja uthibitisho wa pili, ambao treda wengi huungoja kuliko wowote: bei kurudi kuujaribu mstari uliovunjwa. Wazo lake ni rahisi. Dari ikivunjwa kwa kweli inapaswa kugeuka kuwa sakafu, kwa sababu waliokuwa wakiuza pale wameshindwa, na walioukosa mvunjo wanangoja kununua bei ikirudi. Katikati ya Agosti euro ilishuka, na tarehe 17 ikafika karibu 1.1662, yaani pipsi 50 ndani ya renji ya zamani, lakini siku ikafunga juu kidogo ya 1.1714. Angalia kwamba kurudi huku hakukuwa safi kama michoro ya darasani inavyoonyesha. Mstari ulivukwa kuelekea ndani, na aliyeweka stoplosi pipsi kumi chini yake alitolewa. Dari na sakafu ni maeneo yenye unene, si nyuzi, na kadiri renji inavyokuwa pana ndivyo unene wake unavyoongezeka. Baada ya hapo euro ilipanda, na tarehe 8 Septemba ikafika karibu 1.2092.

Kusubiri kuna gharama, na hapa ndipo maandishi mengi kuhusu uvumilivu hukaa kimya. Tuchukue watu wawili, kila mmoja akinunua loti 0.01 ya euro dhidi ya dola, yaani euro 1,000, ambapo pipsi moja ni senti kumi za dola. Wa kwanza alinunua mwezi ulipofungwa, kwa 1.1840, na kwa kuwa alitaka stoplosi yake ikae nje ya unene wa mstari, aliiweka kwenye 1.1620. Anahatarisha pipsi 220, sawa na dola 22. Hadi kilele cha Septemba faida yake ingekuwa pipsi 252, dola 25 na ushei. Alisubiri, akathibitishiwa, na bado biashara yake ilikuwa karibu nusu kwa nusu, kwa sababu uthibitisho ulimfikisha sokoni bei ikiwa imekwisha kwenda mbali. Wa pili alisubiri mwezi ufungwe, kisha akasubiri bei irudi na kuonyesha kwamba imekataa kubaki ndani, akanunua karibu 1.1740 baada ya tarehe 17 Agosti, na stoplosi ile ile ya 1.1620. Anahatarisha pipsi 120, dola 12, na hadi kilele kile kile faida yake ingekuwa pipsi 352, dola 35. Mwelekeo wao ni mmoja na hatima ya bei ni moja, lakini wa pili kwa kila dola aliyoihatarisha alitarajia karibu tatu, na wa kwanza alitarajia moja tu na kidogo.

Mtu asikimbilie kusema kwamba basi dawa ni kungoja bei irudi kila mara. Kuna mivunjo isiyorudi kabisa, na hasa ile yenye nguvu zaidi, ambayo anayengoja kurudi huiona ikipotea machoni pake. Huo ndio mkataba anaouingia mvumilivu: atakosa baadhi ya hatua nzuri, na atalipa bei mbaya zaidi katika nyingine, ili asiwemo katika ile ya Desemba 2016. Kama mkataba huo unalipa au la hutegemea ni mara ngapi mivunjo ya soko analolifuata huwa ya uongo, na hilo hawezi kuliazima kwa mtu mwingine. Anapaswa kurudi nyuma kwenye chati ya soko lake, kuchora renji kama zilivyoonekana kabla hazijavunjwa, na kuhesabu.

Gharama ya pili ni ya akaunti. Stoplosi iliyo mbali humlazimisha mtu apunguze kiasi anachokinunua. Mwenye akaunti ya dola 1,000 ambaye amejiwekea kanuni ya kutohatarisha zaidi ya asilimia moja ana dola 10 tu za kupoteza katika biashara moja. Kwa loti 0.01, ambayo kwa madalali wengi ndiyo ndogo kuliko zote, hawezi kuingia kwenye biashara ya mtu wa kwanza wala ya mtu wa pili bila kuivunja kanuni yake. Wengi katika hali hiyo huisogeza stoplosi karibu ili hesabu itoshee, nao hutolewa na mtikisiko kama ule wa tarehe 17 Agosti wakiwa wameusoma mwelekeo sawasawa. Kwa akaunti hiyo jibu la kweli ni kutafuta renji ndogo zaidi, za pipsi mia moja au mia mbili, ambazo uthibitisho wake ni mshumaa wa siku nzima au wa muda wa saa nne na ambazo unene wa mistari yake ni pipsi chache.

Watu huuliza pia kuhusu wingi wa biashara, kwamba mvunjo wa kweli huambatana na mauzo mengi. Kwenye soko la hisa, ambako kila hisa iliyouzwa huhesabiwa mahali pamoja, kipimo hicho kina maana, ingawa kwa hisa inayouzwa mara chache kwa siku mnunuzi mmoja anaweza kuvunja dari peke yake. Kwenye foreksi, namba inayoonekana chini ya chati huhesabu mara ambazo bei ya dalali wako imebadilika, si kiasi cha euro kilichobadilishana mikono duniani. Na hata pale kipimo ni cha kweli, msukumo wa kwanza nje ya renji karibu kila mara huwa na biashara nyingi, kwa sababu ndipo stoplosi zote hulipuka. Wingi unaofaa kutazamwa ni wa siku zinazofuata: je, bei ikiendelea kwenda nje watu bado wanafanya biashara, au kelele zilikwisha pale pale mstarini?

Uthibitisho unapokosekana, kukosekana huko nako kuna matumizi. Aliyekuwa akingoja kuuza Desemba, akaona mwezi umefunga ndani ya renji, kisha akaona habari njema za dola za tarehe 3 Januari zimeshindwa kuishusha euro, alikuwa tayari ana bei moja iliyo wazi ya kumwambia kwamba amekosea endapo angenunua: 1.0340. Kununua karibu 1.0600 baada ya kufunga kwa tarehe 5, na stoplosi kwenye 1.0320, kulihatarisha pipsi 280, huku dari ya renji ikiwa pipsi zaidi ya 1,100 juu yake. Ilichukua hadi Julai kuifikia, ikiwa na wiki nyingi za kushuka katikati. Katika kushuka huko kote euro haikurudi tena 1.0340.